Hakuvunja, hakuiba, hakutoka nyumbani: mbona ameshtakiwa?

*Assalamu alaikum wakili. Mdogo wangu ana miaka 22, tunakaa Kisauni. Yeye na wenzake watatu walipanga kuvunja duka la jumla la vifaa vya umeme. Mmoja wao alikuwa kuli wa duka hilo, na mdogo wangu alikuwa alete tuktuk ya kubebea mali. Usiku wenyewe wawili wakakamatwa mlangoni na mkasi wa kukatia vyuma, wamekata kufuli moja, la pili bado. Mdogo wangu alikuwa amelala nyumbani, anasema alighairi magharibi ile. Hakuna hata waya ulioibwa. Sasa wote wanne wameshtakiwa kwa kula njama na kwa jaribio la kuvunja jengo na kuiba. Mtu anafungwaje kwa jambo ambalo halikufanyika?*

Wa alaikum salaam, dada. Mashtaka hayo mawili yameandikwa kwenye karatasi moja, lakini kila moja lina mizani yake, na mdogo wako hasimami pahali pamoja katika yote mawili. Kwenye jaribio ana utetezi mzuri. Kwenye njama, ikiwa kweli alikubali kabla ya kughairi, yuko katika hatari kubwa kuliko mnavyodhani nyumbani.

Tuanze na wale wawili wa mlangoni, kwa sababu kwao ndipo jaribio linapoonekana wazi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inalieleza jaribio katika kifungu cha 388. Mtu awe amekusudia kutenda kosa, awe ameanza kuitekeleza nia hiyo kwa njia inayoweza kuifikisha, na nia yake iwe imejitokeza kwa kitendo cha dhahiri, hata kama hakufika mwisho. Neno la kushika hapo ni "ameanza". Sheria haimwadhibu mtu kwa lililo moyoni mwake peke yake, wala haimwadhibu kwa jaribio eti kwa sababu amejiandaa. Maandalizi ni upande huu wa mstari, jaribio ni upande wa pili, na kesi nyingi za jaribio zinashindwa au kufaulu kwa kuangalia mshtakiwa alikuwa amesimama upande gani alipokamatwa.

Mstari huo haupimwi kwa hatua za miguu. Chukua usiku wa hao vijana uutazame kipande kwa kipande. Wamekaa barazani wakigawana kazi: hilo si jaribio. Mmoja amekwenda kununua mkasi wa kukatia vyuma: bado ni maandalizi, maana mkasi huo unaweza kurudishwa dukani kesho yake au kukatia kitu kingine. Wanatembea gizani kuelekea dukani: hapa mawakili wataanza kubishana, na mimi ningekuwa upande wa utetezi ningebishana kwa nguvu zote. Lakini meno ya mkasi yalipobana kufuli la kwanza, ubishi ulikwisha. Kitendo kile hakina maelezo mengine, nacho ni sehemu ya uvunjaji wenyewe. Kubaki kwa kufuli la pili kunawaokoa na kosa lililokamilika tu, kwa sababu kosa la kuvunja na kuiba linataka mtu aingie ndani. Hata ncha ya chombo chake ikipenya ndani ya jengo huhesabiwa kuwa ameingia, lakini mlango ulikuwa bado umefungwa.

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1915 ambayo mawakili wa huku bado wanaitumia kuuonyesha mstari huu. Sonara mmoja wa London, jina lake Robinson, alikuwa ameikatia bima mali ya duka lake. Akaificha mali, akajifunga kamba, kisha akapiga kelele kwamba amevamiwa na wezi. Polisi wakaja, wakaikuta mali humo humo dukani, naye akakiri kwamba alitaka kuidai kampuni ya bima. Akatiwa hatiani kwa jaribio la kujipatia pesa kwa udanganyifu. Mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo, kwa sababu alikuwa hajapeleka dai lolote kwa kampuni ya bima. Uongo wake wote ulikuwa umemfikia polisi, haujamfikia yule aliyekusudiwa kutapeliwa, na kwa hivyo alikuwa bado anajiandaa. Wengi wakiisikia kesi hii hukasirika kwamba mtu mwovu aliachiwa. Mimi naiona ni ya haki, na nakusimulia ili uone kwamba mtu anaweza kwenda mbali sana katika uovu wake na bado akawa hajaufikia mlango wa jaribio.

Mambo mawili katika kifungu hicho cha 388 huwashangaza watu. La kwanza, mtu akishavuka mstari kisha akaacha kwa hiari yake, kosa la jaribio limeshakuwa. Wangekata kufuli moja, wakaingiwa na hofu ya Mungu wakarudi majumbani, bado wangekuwa na hatia. Kuacha kwao kungetazamwa wakati wa kupima adhabu tu. La pili, haisaidii kitu kama kosa lisingewezekana. Tuseme mwenye duka alikuwa amehamisha mali yote siku iliyotangulia na ndani mmebaki rafu tupu. Wao hawakujua. Jaribio linabaki kuwa jaribio.

Sasa mdogo wako. Yeye hakushika mkasi, lakini hilo peke yake halimtoi. Kifungu cha 20 kinamhesabu kuwa mtenda kosa hata yule aliyesaidia, aliyewezesha au aliyeshauri, na cha 21 kinawafunga pamoja watu waliokuwa na nia moja. Kwa hiyo swali la mahakama kwake halitakuwa "ulikuwa wapi?" tu. Litakuwa: ni msaada gani wako uliofika pale mlangoni? Kwa maelezo yako, msaada wake ulikuwa uwe tuktuk, na tuktuk haikwenda. Kama hakutoa pesa za mkasi, hakuwapa wenzake habari za duka, na aliwaambia waziwazi kabla hawajaondoka kwamba yeye hayumo tena, basi upande wa mashtaka utapata tabu kumfikisha kwenye lile kufuli.

Nimesema "aliwaambia waziwazi" kwa makusudi. Kujitoa kimoyomoyo hakutoshi. Mtu aliyejilalia tu, simu akaizima, wenzake wakakata kufuli wakiamini gari liko njiani, bado anaweza kuhesabiwa kuwa yumo, kwa sababu imani yao kwake ndiyo iliyowatoa nyumbani. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka mlitafute ni ushahidi wa ile magharibi. Alimpigia nani? Aliandika nini, saa ngapi? Kuna mtu aliyemsikia akikataa? Ujumbe mmoja wa "mimi simo, msinihesabu" uliotumwa saa moja usiku, kabla ya watu kuondoka saa saba, unaweza kulivunja shtaka la pili lote kwa upande wake.

Lakini ujumbe huo huo, dada, unaweza kumchoma kwenye shtaka la kwanza. "Mimi simo tena" maana yake ni kwamba alikuwemo.

Njama haina ule mstari wa maandalizi. Kosa lenyewe ni makubaliano. Watu wawili au zaidi wakishakubaliana kwa dhati kutenda kosa la jinai, kosa la kula njama limetimia papo hapo, kabla mkasi haujanunuliwa na kabla mtu hajainuka barazani. Kifungu cha 393 ndicho kinachohusu njama ya kutenda kosa kubwa, na hakidai kwamba kitendo chochote kifuate. Ndiyo maana aliyelala nyumbani anaweza kuwa na hatia sawa na aliyekamatwa mlangoni, na ndiyo maana kughairi baadaye hakulifuti kosa. Kunapunguza adhabu, na hakimu mwenye busara atakupa uzito mkubwa, lakini hatia inabaki.

Mtu mmoja hawezi kula njama peke yake. Sheria hii inataka nafsi mbili zilizokutana. Jambo hilo lilichukuliwa kwa uzito hivi kwamba katika miaka ya 1950, kesi ya mume na mke kutoka Tanganyika ilifika hadi Baraza la Mfalme kule London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa nchi zilizotawaliwa na Uingereza, nalo likasema mume na mke peke yao hawawezi kuhukumiwa kwa kula njama, kwa sababu sheria ya kale iliwahesabu kuwa mtu mmoja. Ndoa ile ilikuwa ya aina inayoruhusu mke zaidi ya mmoja, na kanuni ikatumika vilevile. Naitaja kwa sababu inaonyesha mahakama inatafuta nini: kukutana kwa nia. Vijana wanne waliokaa barazani hawana kinga ya namna hiyo.

Na adhabu ndiyo inayonisumbua zaidi. Kuvunja duka, kuingia na kuiba ndani yake, kwa kifungu cha 306, kikomo chake ni kifungo cha miaka 7. Jaribio, kwa kifungu cha 389, hubeba nusu ya adhabu ya kosa lililokusudiwa pale ambapo sheria haikuweka adhabu nyingine. Nusu ya 7 ni miaka 3 na miezi 6. Lakini njama ya kutenda kosa kubwa, kwa kifungu cha 393, kikomo chake ni miaka 7, na inashuka tu ikiwa kosa lililopangwa lenyewe lina adhabu iliyo chini ya miaka 7. Hili la kuvunja duka lina 7 kamili, kwa hiyo haishuki. Maana yake ni kwamba kwa maandishi ya sheria, kukubaliana barazani kunaweza kufungwa mara mbili ya kukata kufuli. Naona hilo ni kasoro, na naisema wazi, kwa sababu anayezidi kuukaribia uovu hapaswi kuhofia kifungo kidogo kuliko aliyeishia kuuzungumza. Hivyo ni vikomo, na hakimu ana uwanja mpana chini yake, hasa kwa kijana asiye na rekodi. Hata hivyo mnaona sasa kwa nini shtaka la kwanza si la kudharauliwa.

Kwa hiyo vita vya mdogo wako viko kwenye swali moja: je, alikubali? Kukubali kuna tofauti na mambo mengi yanayofanana nako. Kuwapo pale watu wakipanga si kukubali. Kujua na kunyamaza si kukubali, ingawa kunaleta shaka. Kucheka, kusema "nyinyi mtakuja kufa", kusema "nitaangalia kama tuktuk ipo", yote hayo yanaweza kuwa na maana mbili. Hata mazungumzo ambayo bado yanapima pima, watu hawajaamua kama watafanya au la, hayajawa makubaliano. Mahakama inataka kuona kwamba nia zilifungwa: tutafanya hivi, wewe hili, mimi lile. Nawe umeniambia alikuwa "alete tuktuk". Nani alisema hivyo? Kama ni yeye, alimwambia nani? Kama ni wenzake waliompangia bila yeye kuitikia, habari inageuka kabisa.

Mara chache sana upande wa mashtaka unakuwa na shahidi aliyesikia makubaliano kwa masikio yake. Watajenga njama kwa vipande: simu zilizopigwa kwa mfululizo, pesa iliyotumwa kwa Empesa, kuli kuonekana akichungulia makufuli mchana, mazungumzo ya Watsapu. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinawapa nguvu kubwa hapa. Ikishaonekana kuwa kuna sababu ya haki ya kuamini kwamba watu fulani walikula njama, lolote alilolisema, alilolifanya au aliloliandika mmoja wao kuhusu nia yao ya pamoja, tangu nia hiyo ilipoanza, linaweza kutumiwa dhidi ya kila mmoja wao. Yaani ujumbe wa kuli kwa yule mwenye mkasi, "dogo wa tuktuk ameshasema sawa", unaweza kusomwa mahakamani dhidi ya mdogo wako ingawa yeye hakuuandika wala kuuona.

Mlango huo lakini una kizingiti, na mawakili wengi vijana wanausahau. Lazima kwanza kuwe na ushahidi mwingine wa kuaminisha kwamba njama ilikuwapo na kwamba yeye alikuwa mmoja wao. Tena maneno hayo yawe yalisemwa wakati njama inaendelea. Kifungu chetu kimetokana na sheria ya ushahidi ya India, na Baraza la Mfalme lilishaamua mwaka 1940, likisoma kifungu hicho cha India, kwamba maneno yaliyosemwa baada ya njama kufikia mwisho hayapiti kwa mlango huu. Wale wawili walipotiwa pingu, njama yao ilikuwa imekwisha. Waliyomweleza polisi usiku ule kituoni kuhusu mdogo wako ni simulizi ya yaliyopita, na wakili wake anapaswa kusimama na kuyapinga yasiingie kwa kifungu cha 10.

Polisi wakijaribu kuyaingiza kama ungamo, watakutana na kifungu cha 25A. Ungamo halipokelewi mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu mwingine ambaye mshtakiwa mwenyewe amemchagua. Ungamo likishapokelewa kwa njia ya haki, mahakama inaweza kulizingatia hata dhidi ya mshtakiwa mwenzake, lakini mahakama zetu zimelihesabu siku zote kuwa ushahidi dhaifu wa kuunga mkono tu, usioweza kubeba hukumu peke yake. Jihadharini zaidi na jambo jingine: mmoja wa wale watatu akiondolewa mashtaka akageuzwa shahidi wa serikali. Huyo atasimama kizimbani na kula kiapo, na maneno yake yatakuwa ushahidi kamili, ingawa hakimu atatakiwa kuyapima kwa hadhari kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mshiriki.

Kuhusu simu, msifute chochote. Najua silika ya familia ni kusafisha. Ujumbe ukifutwa kwake, unabaki kwa wenzake, na kufuta kwenyewe kutasomwa kama dalili ya hatia. Isitoshe mnaweza kuwa mnaufuta ule wa magharibi unaomwokoa kwenye jaribio. Yale yatakayoletwa na polisi kutoka kwenye simu lazima yaambatane na cheti cha kifungu cha 106B kinachoeleza kumbukumbu hiyo ilitolewaje na kwa chombo gani. Picha za skrini zilizochapishwa bila cheti hupingwa, na mara nyingi hukataliwa. Nanyi mkitaka kutumia ujumbe wake, sharti hilo linawahusu pia.

La mwisho ni siku ya kujibu mashtaka. Nimewaona vijana wengi wakisimama mbele ya hakimu na kusema "ni kweli", wakimaanisha "ni kweli nilijua", au "ni kweli tulizungumza, lakini sikwenda". Tangu uamuzi wa mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1973, utaratibu ni kwamba shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, kila kiungo chake kielezwe, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kisha upande wa mashtaka ueleze mambo yalivyotokea naye aulizwe kama anayakubali. Akitia "lakini" yenye uzito, hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Lakini asubuhi yenye washtakiwa wengi, "lakini" humezwa kwa urahisi. Mwambie ajibu kila shtaka peke yake, na kama hajapata wakili, akane yote mawili mpaka apate. Kukana hakumzuii kubadilisha baadaye, wala si uongo. Ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe.

Akishakana, aombe dhamana, ambayo ni haki yake kwa ibara ya 49 ya Katiba isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumnyima, kisha aombe nakala za maelezo yote ya mashahidi kabla kesi haijaanza kusikizwa. Mkizipata, tafuteni kwanza yule anayesema alimsikia mdogo wako akikubali, na msome alisema alimsikia wapi, siku gani, na kwa maneno yapi. Kama hakuna shahidi wa namna hiyo, na hakuna pesa wala ujumbe wake mwenyewe, niandikie tena.